Paka wetu analia usiku kucha na majirani wamekuja juu

*Shikamoo daktari. Tunakaa ghorofa ya nne, Upanga, Dar es Salaam. Tuna paka jike mweusi, miezi saba hivi, mwanangu alimwokota akiwa mdogo sana. Wiki mbili hizi analia usiku kama mtoto. Jirani mmoja anasema tunafuga jini. Wa chini yetu ni mjamzito na ameambiwa paka anaharibu mimba. Mwenye nyumba anasema harufu imefika koridoni. Kijana wa duka la dawa za mifugo yuko tayari kumchoma sindano ya uzazi. Mume wangu anataka tukamwache soko la samaki Feri, kisha tumchukulie mtoto kijibwa. Tufanyeje? – Mama wa Upanga*

Marahaba, mama. Feri msimpeleke, na sindano hiyo msiikubali. Kwa jinsi unavyoeleza, paka wako amepevuka na yuko kwenye joto, yaani anaita dume. Umri wa miezi saba ndio wenyewe. Wengine huanza hata wakiwa na miezi minne au mitano.

Unaweza kuhakikisha leo hii ukiwa nyumbani. Mpapase mgongoni karibu na mkia. Aliye kwenye joto huinamisha kifua, huinua makalio, husogeza mkia pembeni na kukanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma. Hujigaragaza sakafuni, hujisugua kwenye miguu ya watu na ya viti, na pengine hupunguza kula kwa siku chache. Mgonjwa hafanyi hivyo. Mgonjwa hujificha, hukaa kimya, hukataa chakula kabisa au hutapika. Kuna dalili moja nakuomba usiichukulie kuwa ni joto: paka anayeingia kwenye beseni la choo mara kwa mara, anajikamua, analia, na mkojo hautoki au unatoka matone. Huyo apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Joto lenyewe huchukua karibu wiki moja, pengine hata mbili kama la kwenu, kisha hunyamaza wiki moja au mbili, kisha linarudi. Mwili wa paka jike hupima urefu wa mchana. Huko Ulaya, majira ya baridi yanapofupisha mchana, paka wengi hupumzika miezi kadhaa. Dar es Salaam hata Juni mchana wetu unakaribia saa 12, kwa hiyo hakuna msimu wa mapumziko. Na kwa kawaida yai la paka halitoki mpaka apandwe, ndiyo maana asipopata dume mzunguko unaanza upya tena na tena. Mkisema mvumilie mpaka "apitishe", mtavumilia mwaka mzima na majirani watavumilia pamoja nanyi. Akiponyoka akapandwa, mimba huchukua wiki tisa hivi, na badala ya paka mmoja mtakuwa na watano.

Kwa usiku wa leo fanyeni hivi. Chagueni chumba kilicho mbali na vyumba vya kulala vya majirani, mumfungie humo na mfunge madirisha ili kelele zisitoke na harufu ya madume isiingie. Saa moja kabla ya kulala mwanao amchezeshe kwa uzi au kitambaa mpaka achoke, kisha mumpe chakula chake kikubwa cha siku. Atalia bado, lakini kwa vipindi vifupi zaidi. Msimpe dawa yoyote ya usingizi ya binadamu.

Sasa sindano. Iliyomo ndani yake ni homoni ya jamii ileile iliyomo kwenye sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango. Ni kweli inanyamazisha joto, ndiyo sababu inapendwa, na ni rahisi kuliko upasuaji. Ila kwa paka homoni hiyo hufanya ukuta wa kizazi kuwa mnene na kuwa mahali pazuri pa vijidudu. Paka kadhaa baada yake hupata usaha ndani ya kizazi. Utamwona anakunywa maji kupita kawaida, tumbo linajaa, anapoa, pengine uchafu unatoka nyuma. Hapo upasuaji ulioukwepa unafanyika palepale, kwa mnyama aliye mahututi. Wengine huvimba matiti, wengine hupata kisukari au uvimbe wa saratani ya matiti baadaye. Na ikiwa alikwisha kupandwa bila ninyi kujua, sindano inaweza kuvuruga uzazi wake hata vitoto vishindwe kutoka. Mimi paka wa kufugwa simchomi dawa hiyo.

Dawa ya kudumu ni kumtoa kizazi. Daktari anafungua tumbo kwa mpasuo mdogo, anatoa mifuko ya mayai na kizazi, anashona. Ni upasuaji wa kila siku kwa aliyeuzoea, na mara nyingi paka anarudi nyumbani jioni. Joto haliji tena, na hatari ya usaha wa kizazi inaondoka pamoja na kizazi chenyewe. Madaktari wengi hupenda kusubiri paka anyamaze kwanza, kwa sababu wakati wa joto mishipa ya damu ya kizazi imejaa na hutoka damu kirahisi. Kwa hiyo weka miadi sasa, lakini siku ya upasuaji iangukie kwenye zile siku za ukimya. Kama aliwahi kutoka nje hata usiku mmoja katika majuma haya, mwambie daktari mapema.

Tatizo kubwa linakuja hapa: daktari gani? Nchini kwetu mafunzo na soko vimeelekea kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, na hilo linaeleweka. Kliniki zinazoshughulika na mbwa na paka kila siku hapa Dar nyingi ziko upande wa Masaki, Msasani na Mikocheni. Katikati ya jiji utakachokutana nacho zaidi ni maduka ya dawa za mifugo. Huyo kijana wa dukani anaweza kuwa mtu mwema mwenye ujuzi wake wa kuku, lakini kupasua au kuchoma homoni paka wako si kazi yake.

Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na chini yake Baraza la Veterinari linasajili madaktari. Daktari wa mifugo kamili amesoma shahada ya miaka mitano, wengi wetu pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wapo pia wenye stashahada na astashahada, ambao Baraza linawatambua kama wasaidizi. Hao wanafanya kazi nyingi za maana, lakini kupasua tumbo ni kazi ya daktari aliyesajiliwa. Muulize mtu jina lake kamili na namba yake ya usajili, kisha thibitisha kwa Baraza. Kama huna pa kuanzia, nenda ofisi ya mifugo ya Jiji ukaulize daktari aliyesajiliwa anayeshughulika na wanyama wa nyumbani. Daktari wa kweli haudhiki kwa kuulizwa usajili wake, na anayekasirika umeshapata jibu lako.

Usajili peke yake hautoshi, maana daktari anaweza kuwa amesajiliwa miaka 20 na hajashika paka tangu chuoni. Piga simu, uliza kwa adabu mambo machache na usikilize anavyojibu. Uliza kwa wiki anafunga kizazi paka wangapi. Uliza kama paka atapimwa uzito kwenye mizani kabla ya dawa ya usingizi. Hili nalitilia mkazo: paka wa miezi saba ana kilo mbili na nusu au tatu, na dawa hukokotolewa kwa kila kilo, kwa hiyo mtu anayekadiria kwa jicho anaweza kukosea kwa theluthi nzima ya kipimo. Uliza atapewa nini cha kutuliza maumivu. Jibu la "paka ni wagumu, hawahisi sana" ni sababu ya kukata simu. Na uliza nani atakaa naye mpaka aamke, kwa sababu hatari haiishii kwenye uzi wa mwisho: paka aliyelala hupoteza joto la mwili haraka, na anahitaji kufunikwa na kuangaliwa pumzi mpaka ainue kichwa mwenyewe. Msikubali mtu aje kumpasua juu ya meza yenu ya chakula. Kuja nyumbani kwa chanjo au uchunguzi ni jambo jema. Kwa upasuaji, hapana.

Kwa paka wako mpangilio ningeufanya hivi. Wiki hii mpelekeni mara ya kwanza. Apimwe uzito, asikilizwe moyo na mapafu, apewe dawa ya minyoo, achanjwe kichaa cha mbwa na apate dozi ya kwanza ya chanjo ya paka ya magonjwa matatu, ile inayokinga mafua makali ya paka na ugonjwa wa kuharisha na kutapika unaoua vitoto. Chanjo inatunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Ikitolewa mfukoni au kwenye droo, ikataeni. Kibandiko cha kichupa kibandikwe kwenye kadi, na daktari aweke tarehe, saini na muhuri. Kadi hiyo mtaihitaji sana kwa mwenye nyumba. Wiki mbili hivi baadaye, akiwa kimya, ndiyo siku ya upasuaji. Kisha wiki tatu au nne baada ya chanjo ya kwanza arudi kwa dozi ya pili. Ya kichaa cha mbwa itarudiwa baada ya mwaka. Kila mwaka kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, huwa kuna kampeni za kuchanja sehemu mbalimbali nchini. Paka nao wachanjwe, si mbwa tu.

Siku ya upasuaji asile tangu usiku, maji anaweza kuachiwa mpaka asubuhi. Msimbebe mikononi ndani ya bajaji. Honi moja tu, atakukwaruza na kurukia barabarani. Tafuteni kikapu chenye mfuniko unaofungwa, au boksi gumu lenye matundu, mtandike kitambaa anacholalia na mfunike juu ili asione nje. Akirudi nyumbani alazwe chini mahali tulivu, si kitandani wala juu ya kabati, maana miguu itakuwa bado haina nguvu. Jioni apewe chakula kidogo. Kwa siku 10 hadi 14 asiruke wala kulamba kidonda. Kola ya shingoni itamwudhi, lakini avae. Kagueni mshono kila asubuhi. Wekundu mdogo siku mbili za kwanza ni kawaida. Uvimbe unaokua, majimaji, harufu, kidonda kufunguka, au paka asiyekula kesho yake, mpigieni daktari bila kungoja. Kilio hukoma ndani ya siku chache.

Kabla sijaondoka kwenye habari ya dawa: akipata homa au maumivu msimpe parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu. Damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya udongo, uso na nyayo zinavimba, anahema. Hali kadhalika akipata viroboto msimwogeshe dawa ya kupe ya ng'ombe wala ya mbwa. Nyingi zina viambato ambavyo mbwa au ng'ombe huvimudu, lakini paka hutetemeka na kupata degedege. Wanaofikishwa kwangu wakiwa hivyo karibu wote walipakwa na mtu aliyewapenda, kwa dawa aliyouziwa dukani akiambiwa ni ya wanyama wote.

Sasa harufu, na hapa mwenye nyumba ana haki. Mkojo wa paka katika fleti yenye joto la Dar hauhitaji siku mbili kufika koridoni. Huhitaji ule mchanga wa dukani wa bei kubwa. Mchanga mkavu uliochekechwa unafaa, na maranda ya mbao kutoka kwa seremala yanafaa zaidi kwa kuwa ni mepesi kupandisha ngazi na yananyonya vizuri. Hakikisha tu ni ya mbao ambazo hazijapakwa dawa wala rangi, na si ule unga laini unaoingia puani. Majivu msitumie, yakilowana yanachoma nyayo. Beseni liwe kubwa kiasi paka ageuke bila kugusa kingo, maranda yafike sentimita 5 hivi, na likae mahali penye hewa, mbali na chakula chake. Kinyesi na mabonge ya mkojo yatolewe asubuhi na jioni, yafungwe kwenye mfuko kabla ya kwenda kwenye pipa la pamoja. Kila baada ya siku tatu au nne mwaga yote, osha beseni kwa sabuni na maji, lianikwe juani likauke.

Angalia unaoshea nini. Dawa za kuua vijidudu ambazo zinageuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji ni sumu kwa paka. Hukanyaga, hulamba nyayo, huumwa. Dawa ya klorini nayo usiimwage juu ya mkojo. Vikichanganyika vinatoa mvuke unaochoma mapafu, na paka huvutwa na harufu yake akarudi kukojoa palepale. Mahali alipokojoa nje ya beseni pasugue kwa sabuni ya unga, suuza, kisha futa kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Na jueni kwamba jike aliye kwenye joto anaweza kunyunyiza mkojo ukutani kama dume, kwa hiyo sehemu ya harufu hiyo itaisha yenyewe baada ya kizazi kutoka.

Jirani wa chini ndiye wa kushughulikiwa kwa uangalifu kuliko wote, kwa sababu hofu yake haikuzuka hewani. Kipo kimelea kinachoitwa toksoplazma, na paka anaweza kukitoa kwenye kinyesi. Mwanamke akikipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kinaweza kumdhuru mtoto au kuharibu mimba. Mtu aliyemwambia hakumdanganya. Alichoacha kumwambia ni njia ya kukipata.

Paka hukipata akila panya, ndege au nyama mbichi. Baada ya hapo hukitoa kwenye kinyesi kwa wiki moja mpaka tatu hivi, na kwa kawaida hilo humtokea mara moja tu katika maisha. Kinapotoka hakiambukizi bado. Kinahitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kukomaa, kwa hiyo kinyesi kinachotolewa kila siku huondoka kabla ya kuwa hatari. Na ili kimfikie mtu lazima kiingie mdomoni, kwa mikono iliyogusa kinyesi au udongo, au kwa chakula. Hakipiti sakafuni, hakiruki na nywele, hakipandi kwa kumsikia paka akilia. Wanadamu wengi hukipata kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Mama huyo aliye chini yenu yuko katika hatari zaidi kwa mishkaki yenye wekundu ndani, au kachumbari isiyooshwa vizuri, kuliko kwa paka wa ghorofa ya nne asiyeshuka. Ninyi mpikieni paka nyama na samaki wake, msimwachie panya. Na nawe mwenyewe ukipata mimba, beseni alishughulikie mume wako.

Nenda kwake wewe, si mume wako, na usiende kumrekebisha. Nenda kumpa pole ya kukosa usingizi, maana mjamzito asiyelala anateseka kweli. Mwambie ulivyopanga na tarehe za kwa daktari, mwambie paka hatashuka ngazi, kisha umwombe aulize kliniki anakohudhuria kuhusu kinyesi cha paka na nyama mbichi. Akilisikia kwa mkunga wake litamwingia kuliko likitoka kwa mwenye paka. Kama nyumbani kwake kuna mtu mwenye pumu, hilo nalo lichukulie kwa uzito. Nywele haziiletei pumu familia nzima kama wanavyosema, lakini mate na ngozi ya paka humletea shambulio mtu mwenye mzio nayo. Kwa hiyo mlango wenu usikae wazi, na mkeka au zulia lililojaa manyoya lisikung'utwe kwenye balkoni juu ya nguo zake. Panguseni kwa kitambaa chenye maji.

Hiyo balkoni pia izibeni. Paka wa joto anayesikia dume chini huruka, na ghorofa ya nne huvunja taya na miguu hata pale isipoua. Wavu wa mbu haumzuii. Anauchana kwa kucha. Tumieni wavu wa waya, ule wa mabanda ya kuku, ufungwe vizuri kwenye nondo.

Kwa jirani wa jini, nakusihi usibishane. Sauti ya paka wa joto usiku inafanana mno na ya mtoto mchanga, paka ni mweusi, na watu wa mwambao wamelelewa na habari hizo. Ukianza kumthibitishia mlangoni kwamba si jini, utamfanya autetee msimamo wake mbele ya jengo zima. Mwambie tu kwamba paka alikuwa anataka dume na atatibiwa. Usiku ukinyamaza, neno lake litakosa wa kulibeba.

Kuna hoja nyingine ambayo haijakufikia bado lakini kwa Upanga itakufikia: kwamba kumfungia paka ndani ni dhambi, kwa ile hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Mimi si shekhe, lakini hadithi hiyo wengi tumeisoma madrasa, na inasema alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Paka anayelishwa, anayenyweshwa na kutibiwa hayumo. Tena imepokewa kuwa sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, akasema Mtume alifundisha kuwa paka si najisi, ni katika wanaozunguka kati yenu. Mwombe imamu wa msikiti wenu aliseme hilo. Likisemwa naye halina ubishi.

Mwenye nyumba mpelekee kadi ya chanjo na barua ya ukurasa mmoja. Soma mkataba wenu kwanza. Kama umekataza wanyama waziwazi, unaomba ruhusa, hudai haki, na barua iandikwe hivyo. Andika tarehe ya upasuaji, andika kwamba paka hatatoka mlangoni kwenu, beseni linasafishwa mara mbili kwa siku, na uharibifu wowote mtaulipa. Mwombe mwezi mmoja, kisha aje akague mwenyewe bila taarifa. Akikubali, jibu lake liwe kwa maandishi. Mkishindwana, mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwasuluhisha, ila hawezi kumlazimisha mtu kuhusu nyumba yake.

Na akikataa kabisa? Basi mtafutieni kwao kwingine, nyumba ya chini yenye uwa, kwa mtu mnayemfahamu, aende akiwa ameshatolewa kizazi na kadi yake mkononi. Paka wa namna hiyo hupata mtu haraka, kwa sababu gharama kubwa imekwisha kulipwa. Feri si makao. Watu hupeleka paka sokoni wakiamini hawatakosa vichwa vya samaki, lakini kila kona pale ina paka mwenyewe, na mgeni aliyekulia sebuleni hupigwa, hukimbilia magari, hupandwa akiwa bado na njaa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, inayomtaka mwenye mnyama amtunze. Kumtelekeza sokoni ni kinyume cha hilo.

Mwambie baba mtoto kuhusu kijibwa kwamba kwa jengo lenu matatizo yatazidi. Baadhi ya majirani wenu huenda ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito, inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa akilamba kanzu ya mzee kwenye ngazi wakati anakwenda msikitini, mmemharibia sala, na hakuna kadi ya chanjo itakayolitengeneza hilo. Paka anamaliza haja zake kwenye beseni. Kijibwa cha miezi miwili huhitaji kutolewa karibu kila baada ya saa mbili mchana, ghorofa nne kushuka na nne kupanda, kwa ngazi hizohizo za watu wote. Wakati huohuo chanjo zake hazijakamilika mpaka afikie wiki 16 hivi, kwa hiyo kwenye vichochoro walikopita mbwa wengine hatakiwi kukanyaga. Akibaki ndani peke yake tangu asubuhi mkiwa kazini na mtoto shuleni, atabweka mchana kutwa, na kubweka hakuondoki kwa kutoa kizazi.